Sikio Kwanza, Vipande Baadaye: Kuielekea Gredi ya 4 ya Piano Kutoka Kiogoro

Kijana wa Kiogoro, huku Gusii, anayeandikishwa mtihani wa gredi ya piano mara nyingi huwa tayari ni mwanamuziki. Amekulia kwenye kwaya, anaimba sauti ya pili au ya tatu bila kusukumwa, na pengine kinanda cha kanisa kimekuwa chini ya mikono yake tangu shule ya msingi. Akipewa kitabu cha mtihani hufanya ambalo karibu kila mtu hufanya: anafungua vipande vitatu, anavifanyia mazoezi kwa miezi minne, kisha zikibaki wiki tatu anakumbuka kwamba kuna skeli, kuna kusoma noti papo kwa papo, na kuna jaribio la sikio. Kwa wanafunzi wa kwetu mpangilio huo una kasoro ya pekee. Unamnyima mtahiniwa faida aliyokuja nayo, na unauficha udhaifu wake hadi siku ambayo hauwezi kurekebishwa tena.

Nitazungumzia mtihani wa ABRSM, bodi ya London iliyoanzishwa mwaka 1889, kwa sababu ndiyo wanafunzi wengi nchini hukutana nayo. Hesabu yake ni rahisi. Alama zote ni 150. Kila kipande kina alama 30, kwa hiyo vitatu ni 90. Skeli ni 21, kusoma papo kwa papo 21, sikio 18. Kufaulu ni alama 100, daraja la kati ni 120, la juu ni 130. Yale mambo matatu yanayoachwa mwisho yana jumla ya alama 60, yaani sawasawa na thamani ya vipande viwili kati ya vitatu.

Tumchukue mtahiniwa wa Gredi ya 4 anayesoma shule ya kutwa, mwenye miezi mitano mbele yake. Vipande vyake ni vizuri kabisa: 25, 24 na 23, jumla 72. Skeli zake zinakwama, anapata 13. Kusoma kunamshinda, anapata 9. Sikio, alilodhani ni lake, linampa 11 kwa sababu hakujua ataulizwa nini. Jumla ni 105. Amefaulu, lakini amefaulu kwa kukwepa ukingo. Mtahiniwa huyo huyo, hata vipande vikishuka hadi 71, akipata 18 kwenye skeli, 16 kwenye kusoma na 16 kwenye sikio, anafika 121. Upigaji wake wa vipande haujapanda hata kidogo. Kilichobadilika ni mambo aliyoyaanza mapema.

Kuna mlango mwingine, na mzazi afaa kuujua kabla ya kulipa ada. Tangu mwaka 2020 bodi hiyo ina mtihani wa maonyesho ambao mtahiniwa hurekodi video ya vipande vinne mfululizo na kuituma. Hauna skeli, hauna kusoma papo kwa papo, hauna sikio. Kwa anayeishi mbali na kituo cha mtihani ni nafuu kubwa ya safari. Mimi huupendekeza kwa mtu mzima anayetaka kupiga tu. Kwa kijana anayekua nausitasitia, kwa sababu unamwondolea sehemu ile ambayo mazoezi yake ya kwaya yangemlipa zaidi.

Nasema hivyo kwa sababu ya solfa. Kwaya nyingi za Gusii, za Kiadventista na za Kikatoliki, hujifunza nyimbo kwa do, re, mi zilizoandikwa kwenye karatasi, kila sauti na mstari wake. Anayesoma karatasi hiyo tayari anajua kitu ambacho mwanafunzi wa piano mjini huenda akafundishwa kwa miaka: kwamba fa inavutwa kuelekea mi, na ti haitulii mpaka ifike do. Ndiyo maana naanza na sikio, mwezi wa kwanza, kabla kitabu cha vipande hakijafunguliwa vizuri.

Jaribio la sikio la Gredi ya 4 lina mambo manne. Mtahini anapiga wimbo mfupi mara mbili, nawe unaurudia kutoka kichwani kwa kuimba au kwa kuupiga. Halafu unapewa noti tano kwenye karatasi uziimbe bila kufuata mapigo. Kisha unasikiliza kipande na kuulizwa juu ya sifa zake: sauti ilikua au ilififia wapi, noti ziliunganishwa au zilikatwakatwa, ni meja au maina, kinakupa hisia gani. Mwisho unapiga makofi mdundo wa sehemu ya kipande hicho na kusema kama kiko katika mapigo mawili, matatu au manne.

Noti tano ndizo zinazonishangaza kila mara. Kanuni yake ni ya huruma sana. Ufunguo ni C, F au G meja tu. Unaanzia do na kumalizia do. Noti hazipandi zaidi ya mi wala hazishuki chini ya la iliyo chini ya do, na hakuna mruko unaozidi hatua ya tatu. Ukikosea noti moja, mtahini anakupigia iliyo sahihi ili uendelee. Sasa tazama mfano katika F meja: F, A, G, E, F. Mwimbaji yeyote wa kwaya akiambiwa aimbe do, mi, re, ti, do ataimba huku anafunga viatu. Lakini akiwekewa noti hizo kwenye mistari mitano anaganda. Sauti anayo. Anachokosa ni daraja kati ya anachokiona na anachokijua: kwamba F iko katika nafasi ya kwanza ya mistari ya mkono wa kulia na leo ndiyo do, hivyo A katika nafasi ya pili ni mi, G kwenye mstari wa pili ni re, na E kwenye mstari wa chini kabisa ni ti.

Daraja hilo hujengwa kwa kalamu. Mpe mwanafunzi karatasi ya solfa ya kwaya yake, achukue mstari wa sauti ya kwanza, auandike kwenye mistari mitano katika F meja, alama ya flati ya B mahali pake. Kesho yake auandike wimbo uleule katika G meja. Dakika kumi kwa siku zatosha. Baada ya wiki chache macho huacha kuhesabu mistari na kuanza kuona umbali: noti iko mstarini, inayofuata iko mstari wa juu yake, basi huo ni mruko wa hatua ya tatu. Kazi hii haihitaji piano wala umeme, na mwanafunzi wa bweni anaweza kuifanya wakati wa masomo ya jioni.

Kurudia wimbo kutoka kichwani kuna mtego wake. Wengi huanza kuuimba chini chini mtahini akiwa bado anaupiga, na sauti yao wenyewe inafunika nusu ya pili. Mara ya kwanza sikiliza umbo tu: mapigo, mahali ulipopanda, noti ulikomalizia. Mara ya pili jaza katikati. Ndugu yeyote nyumbani anayeweza kupiga mistari miwili ya wimbo usioujua anatosha kuwa mtahini. Na kwa wavulana ambao sauti inavunjika, wajue kwamba kinachopimwa ni usahihi wa noti, si uzuri wa sauti. Wanaweza kuushusha wimbo mahali panapowafaa, kuimba kwa solfa, hata kuvumisha.

Skeli zianze wiki hiyo hiyo ya kwanza, na hapa ndipo kinanda cha kanisa kinapotugharimu. Wapigaji wetu wengi wana ufunguo mmoja wanaoupenda, mara nyingi C, na kiongozi wa nyimbo akianza juu au chini wanabonyeza kitufe cha kupandisha au kushusha sauti. Vidole vinabaki palepale, kinanda kinahama. Siku ya ibada hilo linamsaidia kila mtu. Lakini mkono uliolelewa hivyo haujawahi kukutana na funguo nyeusi katika mpangilio wa D wala wa B flati. Ndani ya miezi mitano ya maandalizi, kitufe hicho kisiguswe wakati wa mazoezi. Ikiwezekana hata kanisani apige nyimbo mbili tatu katika ufunguo wa kweli.

Skeli za gredi ziko kwenye orodha ya bodi na ni lazima zote zijulikane, lakini zisianzwe kwa kufuata orodha. Anza na funguo za vipande vitatu ulivyochagua, ili kila unachokifanya kwenye skeli kikutane nawe tena kwenye kipande. Na usijifunze skeli kama foleni ya namba za vidole. Tafuta mahali mikono inapokutana.

Chukua D meja, mikono pamoja, okteva mbili. Mkono wa kulia unaanza na gumba kwenye D, kidole cha tatu kwenye F shapu, gumba linapita chini kwenye G, kidole cha tatu tena kwenye B, cha nne kwenye C shapu, na gumba tena kwenye D ya katikati. Mkono wa kushoto unaanza na kidole cha tano kwenye D, unafika kidole cha tatu kwenye F shapu, gumba kwenye A, halafu kidole cha tatu kinavuka juu na kutua B, kisha gumba kwenye D. Ukivitazama vizuri, vidole vya tatu vya mikono yote miwili vinagonga pamoja kwenye F shapu na kwenye B, yaani kwenye mi na kwenye la, na magumba yote mawili yanakutana kwenye do ya katikati. Sheria hiyo hiyo inashika kwenye C, G, A na E meja. Mwanafunzi anayeimba solfa huku anapiga, akijua kwamba mi na la ni mahali pa kukutana, anajua skeli tano kwa bei ya moja. Akipotea, ana mahali pa kurudi.

B flati meja haiifuati sheria hiyo. Mkono wa kulia unaanza na kidole cha pili, gumba linatua C na F. Wa kushoto unaanza na cha tatu, gumba linatua D na A. Funguo za namna hii zipewe wiki zake peke yake, kila mkono kivyake mpaka ujue gumba lake linatua wapi, ndipo mikono iunganishwe.

Utajuaje kwamba skeli imeiva? Usiangalie vidole, sikiliza ukiwa umefumba macho. Skeli isiyoiva ina kishindo pale gumba linapopita, na hupunguza mwendo kileleni kabla ya kugeuka. Kipimo cha pili ni cha mpangilio. Andika kila skeli kwenye kikaratasi, vitie ndani ya kikombe, uchomoe kimoja. Mtahini hatafuata mfuatano wako, na mwanafunzi anayezijua skeli kwa mfuatano tu atasita sekunde kadhaa kabla ya kuanza, kisha aanze kwa mkono usio sahihi. Mwendo wa wastani usiotikisika una thamani kuliko kasi inayovunjika.

Kusoma papo kwa papo kuanze wiki ya pili, na kusikatike hata siku moja, kwa sababu hakuna sehemu ya mtihani inayokua polepole kama hii. Wengi wetu tunakosea kiwango. Tunampa mtahiniwa wa Gredi ya 4 kusoma mambo ya Gredi ya 4, anajikwaa kila kipimo, na anachojifunza ni kujikwaa. Mpe mambo ya Gredi ya 2, au hata ya 1, vipande vifupi ambavyo anaweza kuvipiga mara moja bila kusimama. Apande ngazi pale tu ambapo ya chini inampita bila kusita. Kila kipande kipigwe mara mbili tu, kisha ukurasa ugeuzwe. Ukikipiga mara tano, cha tano hakikuwa kusoma tena.

Vitabu ni ghali na huisha upesi. Wanafunzi wawili jirani wanaweza kubadilishana zile nyimbo walizoziandika kutoka kwenye solfa, sauti ya kwanza kwa mkono wa kulia na besi kwa wa kushoto. Kila mmoja achague nyimbo ambazo mwenzake hazijui, la sivyo atapiga kwa kumbukumbu.

Na hilo la kumbukumbu ndilo nililotaka kulifikia, kwa maana linatupeleka kwenye vipande. Mpigaji wa obokano, kile kinubi kikubwa cha nyuzi nane cha Abagusii, hujifunza kwa kumsikiliza na kumtazama mjuzi mpaka mkono wake useme alichosikia. Ni elimu kamili, na vijana wetu wameirithi kwenye kinanda. Siku hizi wanatafuta kipande cha mtihani kwenye simu, wanakisikiliza mara kadhaa, na baada ya siku chache mkono wa kulia unakipiga. Mwalimu anafurahi, mzazi anafurahi. Lakini kijana hajakisoma. Mkono wa kushoto amebahatisha kwa chodi zinazofanana na za kanisani, vinyamazo vimejazwa, noti iliyopaswa kushikwa mapigo matatu imeachiliwa baada ya mawili. Sikio lake ni zuri kiasi kwamba makosa yenyewe yanapendeza. Mtahini ana noti mbele yake, na anayaona yote.

Jaribu hivi ukitaka kumjua. Mwambie aanzie kipimo cha 13, si mwanzo. Kisha mwambie apige mkono wa kushoto peke yake kuanzia ukurasa wa pili. Aliyesoma ataangalia karatasi, atasita kidogo, ataanza. Aliyekariri kwa sikio ataomba aanze mwanzo ili afike hapo. Kwake yeye kipande hakijaanza bado, hata kama mama yake jikoni anakiimba.

Kwa hiyo vipande vinaingia rasmi mwezi wa pili, na rekodi ya simu isisikilizwe mpaka mikono yote miwili iwe imesoma kila kipimo polepole. Kila kipande kigawe sehemu nne au tano, ukianza na sehemu ya mwisho, kwa sababu ya kwanza itajipatia mazoezi yenyewe. Kisha rekodi isikilizwe kwa kazi ambayo sikio linaiweza kweli: mwendo, pumzi kati ya sentensi, mahali sauti inapokua. Kwenye saa moja ya mazoezi ya siku, mwezi wa pili na wa tatu, ningeweka dakika kumi za sikio na kuandika, kumi na tano za skeli, kumi za kusoma, na zinazobaki ni za vipande. Mwezi wa nne skeli zishuke hadi dakika kumi na vipande vipate nafasi hiyo. Kusoma kubaki palepale.

Mwezi wa mwisho una shida moja ambayo mazoezi ya nyumbani hayaitatui. Kinanda cha funguo 61 ni chepesi, piano ya kituo cha mtihani ni nzito. Sauti ndogo uliyoizoea haitatoka kabisa kwenye piano, na ile kubwa itahitaji uzito wa mkono mzima. Mtafutie mtahiniwa piano halisi, ya shule au ya kanisa lolote lenye nayo, hata kama ni kwa Jumamosi jioni moja moja au siku za likizo, na mara zote hizo apige mtihani mzima bila kukatizwa. Gredi ya 4 huchukua kama dakika 15 zote kwa pamoja, nazo huenda haraka.

Mtahiniwa anaruhusiwa kuchagua aanze na sehemu gani. Mimi huwashauri wanaotoka mbali waanze na skeli. Piano ni ngeni, vidole vimepoa kutokana na safari, na skeli zinaupa mkono nafasi ya kujua uzito wa funguo kabla alama 90 za vipande hazijawekwa mezani. Halafu vipande, kuanzia kile anachokiamini. Kisha kusoma, na sikio mwishoni.

Kwenye kusoma anapewa nusu dakika ya kujiandaa, na katika nusu dakika hiyo anaruhusiwa kupiga. Watoto wetu wengi, kwa adabu, hukaa mikono mapajani wakitazama karatasi. Mwambie mapema kwamba kupiga si utovu wa nidhamu. Aangalie ufunguo, aipate do kwa kidole, ahesabu kipimo kimoja kwa sauti ya chini, apige kipimo cha kwanza mikono yote miwili, atafute kipimo chenye noti nyingi zaidi na kukijaribu mara moja, kisha apige cha mwisho ili ajue anakoelekea. Mtahini akisema aanze, aanze kwa mwendo wa kile kipimo kigumu, na akikosea noti aiache nyuma, mapigo yaendelee.